Ranflati imetobolewa na skurubu, nimetembea nayo kilomita 42: fundi mmoja anasema izibwe, mwingine anasema itupwe

Mwanzi
Wakuu, salaam. Jana usiku nikiwa barabara kuu taa ya upepo iliwaka kwenye dashibodi. Nikasimama pembeni, nikazunguka gari na tochi ya simu, nikaona matairi yote manne yamesimama vizuri. Nikajua sensa imeanza kusumbua, nikaendelea na safari. Mpaka nafika nyumbani nilikuwa nimeongeza kilomita 42, mwendo kati ya 70 na 90.

Asubuhi nikapima kwa geji. Mbele yote mawili 33, nyuma kulia 33, nyuma kushoto 6. Sita! Na hata hapo ukilitazama kwa macho limebonyea kidogo tu chini, kama tairi lililopungua upepo wa wiki mbili.

Kumbe gari lina ranflati, yale matairi yanayobeba gari hata upepo ukiisha. Nililinunua mkononi kwa mtu na sikuwahi kusoma maandishi ya ubavuni. Saizi ni 225/45 R17, na pembeni pameandikwa RSC. Spea halina, jeki halina.

Skurubu imezama katikati ya kashata, jirani na mfereji wa pili. Fundi wa kwanza alitaka kuichomoa na kusukuma kamba ya tyublesi palepale tairi likiwa garini, dakika tano tu. Wa pili hakutaka hata kuligusa, akasema ranflati iliyotembea bila upepo haizibwi, inatupwa. Tairi halijafika hata nusu ya kashata yake. Nani ananiambia kweli?

Kiberiti
Huyo wa pili anataka kukuuzia tairi. Ranflati imetengenezwa itembee bila upepo, ndiyo kazi yake. Kilomita 80 kwa mwendo wa 80. Umetumia 42, bado una 38 za akiba. Ziba, jaza upepo, endelea na shughuli zako.

Spana_Kumi
Kiberiti, hizo 80 si vocha ya simu kwamba unatumia nusu na nusu inakusubiri.

Mwanzi, nafungua na kufunga matairi mwaka wa 14 sasa. Mafundi wako wawili wote wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Wa kwanza amekosea kwa sababu alitaka kuziba bila kutazama ndani. Wa pili amekosea kwa sababu amehukumu bila kutazama ndani. Tairi hilo hakuna anayeweza kulisemea mpaka litoke kwenye rimu.

Tairi la kawaida linabebwa na upepo. Mpira na nyuzi ni mfuko tu wa kuushika huo upepo, ndiyo maana ukilitoa kwenye rimu unaweza kukunja ubavu wake kwa mikono. Ranflati ina kitu cha ziada. Ndani ya kila ubavu kuna pande la mpira mgumu lenye umbo la mwezi mwandamo, nene katikati, jembamba juu na chini. Upepo ukitoka, mapande hayo mawili ndiyo yanayobaki yamesimama kama miguu chini ya gari. Hiyo ndiyo sababu tochi yako haikuona kitu. Kwa macho huwezi kujua kama ranflati ina upepo au haina, na ndiyo maana hairuhusiwi kufungwa kwenye gari lisilo na taa ya upepo. Dereva anaweza kutembea siku nzima asijue.

Sasa miguu hiyo haisimami tuli. Kila gurudumu linapozunguka, kila sehemu ya ubavu ikifika chini inapinda, ikipanda juu inanyooka. Mpira unaopinda na kunyooka unapata joto, na ukipata joto la kutosha unaanza kujitafuna kutoka ndani. Nje unabaki unang'aa.

Mzani
Nikazie hapo kwa Spana_Kumi. Tairi la 225/45 R17 lina mzingo wa karibu mita 2, kwa hiyo linazunguka mara 500 hivi kila kilomita. Kilomita 42 ni mizunguko 21,000. Maana yake kila kipande cha ubavu wa tairi la Mwanzi kimekunjwa na kunyooshwa mara 21,000. Chukua kipande cha waya ukipinde na kukinyoosha mara 30, kisha ukiguse pale kwenye mkunjo. Utaelewa joto linatoka wapi.

Ndege_Mweusi
Ndugu mbona mnahangaika? Ranflati zina gundi laini ndani. Usichomoe skurubu, iache. Hata ukiichomoa gundi inafuata tundu na kuziba yenyewe. Mimi ninalo moja, nimetoa msumari wa inchi mbili na halijapoteza upepo hata kidogo.

Spana_Kumi
Ndege_Mweusi, hayo unayosema yapo lakini ni tairi jingine. Lako ni la kujiziba. Lina utandu wa kitu kama ulimbo uliopakwa ndani, chini ya kashata, na ubavu wake ni wa kawaida. Likipasuka ubavu upepo unaisha na hulitembezi hata mita 500. Ranflati ni kinyume chake. Haizuii upepo kutoka, inabeba gari baada ya upepo kutoka. La Mwanzi lina RSC, hilo ni la ubavu mgumu. Wengine wanaandika ZP, wengine SSR, ROF au RFT, ni kitu kilekile kwa majina ya viwanda tofauti.

Ndege_Mweusi
Sawa mkuu, nimepata. Nimekwenda kulitazama langu, kweli halina hata moja ya herufi hizo.

Bi_Mkasi
Mimi naleta langu. Mwaka jana taa iliniwakia nikiwa natoka kazini. Mimi nina kigeji kidogo kwenye droo ya gari, nikasimama nikapima palepale. Mbele kulia 24, mengine 32. Nilikuwa na pampu ya kuchomeka kwenye soketi ya gari, nikajaza mpaka 35, nikatembea kilomita 6 mpaka kwa fundi, nikapima tena: 31. Kwa hiyo halijawahi kukaa chini ya 24.

Fundi alilitoa, akakagua ndani kwa taa, akaweka kiraka cha ndani chenye kishina. Nimetembea kilomita 11,000 tangu siku ile, safari ndefu na mizigo, na upepo ni uleule. Kwa hiyo anayesema ranflati haizibwi kabisa, mimi langu limezibwa.

Kiberiti
Asante dada. Haya, si nilisema?

Bi_Mkasi
Hapana kaka Kiberiti, hukusema hivyo. Langu lilikuwa na upepo 24. La Mwanzi lilikuwa na 6. Langu halijawahi kutembelea ubavu.

Spana_Kumi
Bi_Mkasi amegusa penyewe, naomba msome mara mbili. Swali si "ranflati inazibika?" Swali ni "hii ranflati ilitembelea ubavu wake au haikutembelea?" Tundu la skurubu ni tatizo dogo. Likiwa katikati ya kashata, halizidi milimita 6, halijafika begani wala ubavuni, linazibika kama la tairi lolote. Kinachokataza ni yale yaliyotokea baada ya skurubu kuingia.

Na shida iko hapa. Taa huwaka upepo ukishuka kama robo ya kiwango chake. Kwa aliyejaza 33 ni karibu 25. Baada ya hapo, kama gari halionyeshi namba za kila tairi, hujui umekaa muda gani kwenye 20, kwenye 15, kwenye 6. Mwanzi anaweza kuwa alitembea kilomita 40 akiwa na upepo wa kutosha, halafu tairi likaisha usiku likiwa limeegeshwa. Au liliisha dakika tatu baada ya taa kuwaka na kilomita zote 42 zilikuwa juu ya ubavu. Kwa nje hali hizo mbili zinafanana kabisa.

Mwanzi
Dashibodi yangu haionyeshi namba, inawaka alama ya tairi tu. Lakini nikikumbuka vizuri, kuna kona moja kama kilomita 15 kabla ya nyumbani nilihisi nyuma ya gari inachelewa kunifuata, kama inaelea. Nikadhani ni upepo wa nje.

Spana_Kumi, likitoka kwenye rimu natazama nini hasa? Nataka niwepo pale fundi anapofungua.

Spana_Kumi
Vizuri sana, uwepo. Kwanza kabla halijafunguliwa tazama ubavu wa nje wote, mzunguko mzima, kwa mwanga wa jua. Ukiona mstari kama pete, mpira umefifia rangi au umekuwa na weusi wa bluu, au unahisi michirizi ya kukunjamana kwa vidole, hilo limeshakwambia. Hakuna pete? Haimaanishi liko salama, endelea.

Kisha litolewe. Mwambie fundi aanze upande usio na sensa, maana sensa imekaa nyuma ya valvu na mkono wa mashine ukiipitia inavunjika. Na asitumie mtaimbo. Ubavu wa ranflati ni mgumu, mdomo wake unakamata rimu kwa nguvu kuliko wa tairi la kawaida, na ukiulazimisha unachana mdomo. Unataka mashine yenye mkono wa pili wa kusukuma chini.

Likishatoka, kabla hajalipangusa, ligeuze ndani umwage kinachotoka kwenye karatasi nyeupe. Vumbi jeusi au vichembe kama vya kifutio cha penseli maana yake mpira wa ndani umejisaga. Halafu pitisha kiganja juu ya ngozi ya ndani pande zote mbili. Inatakiwa iwe laini kama ndani ya ndoo ya plastiki. Ukikuta mikunjo kama ngozi ya kiwiko, malengelenge, au sehemu inayonata, hapo hakuna cha kuziba.

Likiwa safi kabisa, tundu linasafishwa, kinawekwa kiraka cha ndani ambacho kishina chake cha mpira kinapita kwenye tundu mpaka nje. Kishina kinazuia maji yasifikie nyuzi za chuma, kiraka kinazuia upepo. Kamba peke yake kutoka nje haitoshi, na kwa ranflati ni mbaya zaidi, kwa sababu anayetia kamba hajaona ndani.

Mzani
Niongeze moja. Kama kuna mtu anafikiria kumwagia ile dawa ya chupa ya kuziba, asimwage kabla ya ukaguzi. Inachanganyika na lile vumbi, inatanda ndani nzima, na fundi hataona kitu. Nayo sensa inapata shida.

Msafiri_Mrefu
Mimi nasimama na fundi wa pili. Kitabu cha gari langu kimesema waziwazi ranflati iliyotobolewa ibadilishwe, isizibwe. Hakikusema "ikaguliwe". Mtengenezaji ndiye anayejua alichokitengeneza.

Spana_Kumi
Msafiri_Mrefu, kitabu chako kimesema hivyo na sikupingi. Lakini vitabu havisemi kitu kimoja. Wapo watengenezaji wanaokataza kabisa, wapo wanaoruhusu mara moja tu, kwa sharti kwamba halikutembea bila upepo. Wengine wanaruhusu lakini wanasema ukishaziba usilihesabu tena kuwa la mwendo wa kasi ulioandikwa ubavuni. Aliyekataza kabisa amejiwekea usalama, kwa sababu hajui nani atakagua wala kama anajua anachotazama. Ninamwelewa. Ila mimi nikiwa nimelishika mkononi na ndani pako safi, siwezi kumwambia mteja kwamba limekufa.

Msafiri_Mrefu
Na likipasuka kwenye 120 mwezi ujao, utasema ndani palikuwa safi?

Spana_Kumi
Nitasema, na nitaumia. Ndiyo maana lenye shaka hata kidogo silizibi. Kwa mwaka nikipokea ranflati kumi zenye msumari, zinazopita ukaguzi wangu ni mbili au tatu. Nyingine watu wameshazitembelea kwa kuwa waliambiwa zinatembea.

Dereva_Usiku
Habari wakuu, nafuatilia. Hizi kilomita 80 zimetoka wapi? Kwa nini zisiwe 50 au 200? Nimeuliza watu watatu nimepata majibu matatu.

Kiberiti
Ni kiasi cha kukufikisha kwa fundi. Walikaa wakapiga hesabu, kwenye kilomita 80 mtu hakosi gereji. Na tairi lenyewe linaweza zaidi ya hapo, wameweka namba ndogo kujilinda. Ukienda taratibu kwa 40 unafika hata 160, kwa sababu joto ni nusu.

Mzani
Niliwahi kufanya kazi kwenye majaribio ya matairi, nieleze nilivyoona. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 30, ambayo nchi nyingi zinaifuata, inalitambua tairi kuwa ranflati kama limeweza kwenda kilomita 80 kwa mwendo wa 80. Hiyo ni saa moja kamili. Tairi linafungwa kwenye rimu, pini ya valvu inatolewa kabisa, linakandamizwa kwenye ngoma ya chuma inayozunguka. Mzigo wanaouweka ni asilimia 65 ya uwezo wa juu wa tairi. Likimaliza saa hiyo bila ubavu kulegea kupita kiwango na bila kashata kuachana na mbavu zake, limefaulu.

Angalieni yasiyomo humo. Hakuna kona. Hakuna shimo la barabarani. Hakuna abiria watano na buti limejaa. Na hakuna anayeuliza kama tairi hilo litatumika tena baada ya pale. Limefaulu likiwa limekwisha.

Dereva_Usiku
Kwa hiyo 80 ni namba ya mtihani, si namba ya tairi?

Mzani
Ni namba ya mtihani. La kwako linaweza kwenda zaidi au pungufu, inategemea uzito, mwendo, joto la lami na kona.

Msafiri_Mrefu
Kuhusu uzito nina ushahidi. Kitabu cha BMW ya mfululizo wa 3, ile ya E90, hakikuweka namba moja. Mtu mmoja au wawili bila mizigo, karibu kilomita 250. Mzigo wa kati, karibu 150. Gari likijaa watu na mizigo, karibu 50. Gari lilelile, tairi lilelile. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishtuka, kwa sababu mimi safari zangu zote nimejaza gari, na 50 ni chini ya ile 80 ambayo kila mtu anaitaja.

Kiberiti
250! Mnaona? Nilisema linaweza zaidi.

Mzani
Kiberiti, umeshika kichwa cha habari ukaacha mkia wake. Lenye 250 na lenye 50 ni jambo moja. Ukiongeza mzigo ubavu unapinda zaidi kwenye kila mzunguko. Kuhusu kwenda 40 ili ufike 160, nusu uko sahihi. Ukipunguza mwendo joto linapungua, na mimi nikipatwa naenda 50 au 60, sifiki 80. Lakini idadi ya mikunjo kwa kilomita haipungui. Ni 500 ileile hata ukienda kwa mwendo wa punda. Mpira unachoshwa na joto, na unachoshwa na kukunjwa pia. Umeondoa adui mmoja kati ya wawili, huwezi kusema umbali umezidishwa mara mbili.

Kiberiti
Hilo la mikunjo sikulifikiria. Nimekubali. Ila bado naamini la Mwanzi lina uhai, kilomita 42 na yuko peke yake garini.

Dereva_Usiku
Nchi kadhaa mpaka leo magari yanauzwa bila spea kwa sababu ya hizi. Hivi nani alianza?

Msafiri_Mrefu
Kwa magari ya kawaida yaliyouzwa kwa wingi, Corvette ya 1994 ilikuwa nazo kwa anayetaka kuongeza, na ile ya 1997 ikaja nazo kiwandani, nafasi ya spea ikaondolewa kabisa. Michelin walijaribu njia nyingine iliyoitwa PAX, pete ngumu iliyovishwa kwenye rimu ndani ya tairi, upepo ukiisha kashata inakalia ile pete. Ilitaka rimu zake maalumu na mashine yake maalumu, haikudumu. Ubavu mgumu ndio uliobaki kwa sababu unafungwa kwenye saizi za rimu zilezile.

Bi_Mkasi
Mwanzi uko wapi ndugu? Umelifungua?

Mwanzi
Nimerudi wakuu. Nimetoka kwa fundi wa tatu, ana mashine yenye mikono miwili. Nimesimama naye mwanzo mpaka mwisho, naeleza nilichoona.

Nje: ubavu wa kuonekana hauna pete, hauna chochote, mweusi safi. Nikaanza kufurahi. Tukalilaza, ubavu wa upande wa ndani wa gari, ule ambao huwa huuoni, una mstari mwembamba wa kijivu unaozunguka karibu robo tatu ya duara, kama mtu amepitisha kipande cha chaki. Kwa kidole unahisi kama mawimbi madogo.

Tukalitoa. Fundi alitandika gazeti, mimi nikaomba karatasi nyeupe kama nilivyoelekezwa. Tukaligeuza, tukaligonga kwa nyundo ya mpira. Vumbi lililotoka lilijaa kijiko cha chai, jeusi, na ndani yake vipande kama punje za ufuta. Ukisugua kati ya vidole vinanata.

Halafu kiganja. Upande wa nje wa gari ngozi ya ndani ni laini kabisa, kama ndoo, kama alivyosema Spana_Kumi. Upande wa ndani ni ngozi ya kiwiko, ina mikunjo mzunguko mzima, na sehemu moja ya urefu wa kiganja ngozi imebanduka, inainuka ukiivuta kwa kucha.

Skurubu yenyewe ikatoka. Urefu sentimita 2 na nusu, tundu dogo mno. Tundu lingezibwa kwa dakika kumi. Tairi limekufa kwa sababu ya zile kilomita 42.

Spana_Kumi
Pole sana, na asante kwa kueleza kwa kina. Hilo halizibwi, usimruhusu mtu yeyote. Na ulikate ubavu kabla hujaliacha pale, kwa sababu kuna atakayeliokota, atie kamba, amuuzie mwingine, na likishajazwa upepo litaonekana zima.

Kiberiti
Pole kaka. Ningekuwa mimi ningekwishatia kamba na kuwapakia watoto. Nafuta niliyosema kwenye mchango wangu wa kwanza.

Mwanzi
Usijali, kama si ubishi wako nisingeuliza zaidi. Ila nina swali jipya na fundi hakunipa jibu. Kwa nini upande mmoja tu? Mbavu mbili, uzito uleule, kilomita zilezile. Mmoja mzima, mmoja umesagika.

Dereva_Usiku
Breki na ekzosi. Upande wa ndani ndiko kuna joto, upepo wa kupooza haufiki vizuri.

Spana_Kumi
Ninachoona mimi kwa wengi ni mwinamo wa gurudumu. Magurudumu ya nyuma ya gari hilo kwa kawaida yameinama, juu yameingia ndani kidogo. Upepo ukiwepo unasawazisha, uzito unagawanyika. Upepo ukiisha, ubavu wa ndani ndio unaokalia chini kwanza, unabeba sehemu kubwa zaidi. Mwanzi, tazama kashata ya tairi la kulia, kama imeliwa zaidi upande wa ndani basi mwinamo ni mkubwa na unahitaji alaimenti.

Mwanzi
Nimetazama. Imeliwa zaidi ndani, lakini kidogo sana, labda milimita moja.

Mzani
Mwinamo una mchango, ila milimita moja hainishawishi. Mimi nashuku ile kona uliyosema gari lilielea. Ubavu mgumu unastahimili kupinda kwa kunyooka. Hauvumilii kusukumwa pembeni. Kama tayari ulikuwa na joto, kona moja ya kasi inaweza kuanzisha ufa, na ufa ukishaanza kila mzunguko unaupanua. Kona hiyo ilikuwa ya kushoto au kulia?

Mwanzi
Kulia.

Mzani
Basi uzito ulihamia kushoto, kwenye tairi hilohilo.

Spana_Kumi
Lakini kwenye kona ya kulia gari linasukumwa kwenda kushoto, na ubavu unaoelemewa zaidi kwenye gurudumu la kushoto ni ule wa nje. Wake wa nje ni mzima. Nadharia yako inataka kinyume cha alichokiona.

Mzani
Hapo umenibana. Nahitaji kuufikiria tena.

Bi_Mkasi
Je, barabara yenyewe? Barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yatiririke pembeni. Gari zima limelala kidogo kwa kilomita 42.

Msafiri_Mrefu
Au tairi lilishaumia zamani. Umelinunua mkononi. Huenda mwenye gari wa kwanza alishatembea nalo upepo ukiwa chini, akajaza, akakaa kimya. Wewe umemalizia tu.

Mwanzi
Msafiri_Mrefu, hilo limenikosesha raha, maana yale matatu yaliyobaki nayo sijui yamepitia nini. Kesho nayatoa yote yakaguliwe ndani. Jipya la nyuma nimeagiza, ranflati ileile, aina ileile na kashata inayokaribiana na la kulia ili mhimili mmoja usiwe na matairi ya tabia mbili.

Na hili bovu sikulikata ubavu kwa kisu tu. Nimelikata kipande kizima kwa msumeno wa chuma, kukata kwa mapana, nione mwezi mwandamo wenyewe. Upande wa nje pande la mpira ni zima, nene katikati kama kidole changu kidogo, halina alama. Upande wa ndani lina ufa uliolala katikati ya unene wake, haujafika nje wala haujafika ndani. Unaingia ukucha.

Spana_Kumi
Ufa uko katikati kabisa, au umeegemea mdomoni mwa tairi?

Mwanzi
Umeegemea juu, karibu na bega.

Spana_Kumi
Sikutegemea hivyo. Kata kipande kingine upande wa pili wa duara, mbali na ile ngozi iliyobanduka, utuambie kama ufa upo na uko wapi.